Rangi ya Ukutani Ilipwe na Nani?

Mwisho wa mwezi, katika mitaa ya Nairobi kama Roysambu, Umoja na Kayole, pikapu na mikokoteni hushinda njiani ikiwa imebeba vitanda, magodoro na mitungi ya gesi. Huku nyuma, ndani ya nyumba iliyobaki tupu, hubaki swali la pesa. Mpangaji alipoingia alilipa kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, dipoziti kama tunavyoizoea, ambayo mara nyingi huwa sawa na kodi ya mwezi mmoja. Sasa anaitaka. Msimamizi wa jengo anapita vyumbani, anatazama kuta, kisha anatamka jibu ambalo wapangaji wengi wameshalisikia: amana yote imeishia kwenye rangi.

Kwa kuwa wengi wanalijua jibu hilo kabla hata ya kuhama, wanajihami. Mwezi wa mwisho hawalipi kodi; wanaila amana yao wakiwa bado ndani ya nyumba, hata kama mkataba unakataza. Mwenye nyumba naye akija kukuta mlango umevunjwa au vigae vimepasuka, hana hata shilingi ya kukata. Kila upande unamlaumu mwenzake kwa tamaa, na tamaa ipo kweli, lakini chanzo kikubwa cha ugomvi ni kwamba hakuna anayeweza kuonyesha nyumba ilikuwaje siku ya kwanza. Ukaguzi wa kuhama haupimi uzuri wa nyumba. Unapima tofauti, na tofauti haipimwi kwa kitu kimoja.

Ndiyo maana karatasi ya ukaguzi inapaswa kuwa moja tu, yenye safu mbili za maelezo: hali ya siku ya kuingia, na kando yake hali ya siku ya kutoka. Kila kitu kipewe mstari wake, kwa mpangilio uleule. Niliowaona wakifanya kazi hii vizuri huanzia mlango mkuu, wakaingia chumba kimoja na kukizunguka kwa kufuata ukuta wa kushoto mpaka wanarudi mlangoni, kisha wanatazama dari, halafu sakafu. Baada ya hapo ndipo wanakwenda chumba kinachofuata. Mpangilio huu una faida moja kubwa: siku ya kutoka, hata kama mkaguzi ni mtu mwingine kabisa, anatembea njia ileile na hakuna ukuta unaorukwa.

Kinachoharibu karatasi nyingi ni neno “nzuri”. Sebule: nzuri. Jiko: nzuri. Choo: kizuri. Miaka mitatu baadaye neno hilo halimsaidii mtu, kwa sababu mmoja atasema lilimaanisha mpya na mwingine atasema lilimaanisha inayokalika. Maelezo yenye maana yanataja kitu, mahali, idadi na kipimo. “Dirisha la chumba cha kulala, kioo cha chini kushoto, ufa wa sentimita 9 kuanzia kona.” “Kuta za sebule, rangi ya maji, imepakwa mwezi huu, hakuna matundu.” “Funguo za mlango mkuu, 3.” Mtu anayesoma mistari hiyo anaweza kwenda na rula akaangalia kama ufa umerefuka.

Picha zinasaidia sana, mradi zipigwe kwa utaratibu. Ya kwanza ipigwe kutoka mlangoni ili ionyeshe chumba chote. Ya pili isogee karibu na kasoro, na kando ya kasoro iwekwe rula au sarafu ili ukubwa ueleweke. Picha ya ufa peke yake, bila ya ile inayoonyesha uko ukuta gani, inaweza kuwa ya nyumba yoyote duniani. Zikishapigwa, zitumwe kwa mwenye nyumba au wakala siku hiyohiyo, kwa WhatsApp au barua pepe, pamoja na picha ya karatasi yenyewe. Hapo pande zote mbili zina nakala, na tarehe ya kutuma inabaki kwenye simu za wote wawili. Picha halisi zihifadhiwe pia, maana simu huibiwa.

Kuna jambo ambalo Nairobi inatulazimisha kulizingatia: maji huja kwa zamu, na umeme hupotea. Wapangaji wengi hupokea funguo siku ambayo mfereji ni mkavu, wakatia sahihi kwamba tangi la choo linafanya kazi, sinki halivuji na bafu liko sawa. Wametia sahihi juu ya vitu wasivyoviona vikifanya kazi. Maji yanaporudi usiku na tangi likaanza kutiririka, kwenye karatasi kasoro hiyo inaonekana imezaliwa mikononi mwao. Dawa yake ni kuandika ukweli: “Tangi la choo halikujaribiwa, hakuna maji.” Kisha likishajaribiwa, ujumbe utumwe. Vivyo hivyo kwa soketi na swichi: kama hakuna umeme, ziandikwe hazikujaribiwa. Napenda pia karatasi itamke wazi kwamba mpangaji ana siku saba za kuongeza kasoro zilizojificha, kwa sababu mambo mengi ya nyumba hujulikana mtu akishalala ndani yake.

Siku ya kutoka nayo isiwe moja. Ukaguzi wa awali ufanyike wiki mbili hivi kabla ya kuhama, wakati mpangaji bado yupo na anaweza kumleta fundi wake akaziba matundu au kubadilisha kioo kwa bei ya mtaani. Ukaguzi wa mwisho ufanyike nyumba ikiwa tupu, mchana, maji na umeme vikiwepo, na wote wawili wakiwa wamesimama hapo. Kabati likiwa bado ukutani hakuna ajuaye kilicho nyuma yake, na taa ya simu usiku huzidisha baadhi ya madoa na kuficha mengine.

Nyuma ya kabati ndiko hukutwa ugomvi mgumu kuliko yote, yaani unyevu. Msimamizi anaona doa jeusi na kusema mpangaji ameharibu ukuta. Huenda ni kweli, huenda si kweli, na ukuta wenyewe unaweza kutoa ushahidi. Unyevu unaopanda kutoka ardhini huanzia chini, hupanda kwa kiasi kinacholingana kando ya ukuta, mara nyingi bila kuvuka mita moja hivi, na juu yake huacha mstari wenye unga mweupe wa chumvi, huku rangi na plasta vikimenyuka. Hilo ni tatizo la msingi wa jengo. Doa la mviringo la rangi ya chai darini, linalokua kila choo cha nyumba ya juu kinapotumika, ni bomba linalovuja; nalo si la mpangaji. Kuvu nyeusi yenye madoadoa kwenye pembe za dari ya bafu, au nyuma ya kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje wenye baridi, hutokana na mvuke wa kuoga, kupika na kuanika nguo ndani. Hapo ndipo maswali huanza. Je, chumba kina tundu la hewa? Kama halipo, mpangaji hakuwa na njia ya kutoa mvuke. Kama lilikuwepo kwenye safu ya kuingia, na siku ya kutoka limezibwa kwa gazeti, lawama inahama. Na je, kuna ujumbe wa mpangaji kuripoti doa lilipoanza? Aliyenyamaza mwaka mzima huku plasta ikioza ana sehemu yake ya kulipa hata kama bomba halikuwa lake, kwa sababu angesema mapema, uharibifu usingefika hapo.

Sasa tuje kwenye uchakavu wa kawaida, maana ndiyo mizani ya hesabu yote. Nyumba inayokaliwa huchakaa. Rangi hufifia upande wa jua, mpira wa ndani ya mfereji huisha, mpini wa mlango hulegea, ukuta karibu na swichi huingia giza la vidole. Vitu hivi vimeshalipiwa na kodi ya kila mwezi. Mikataba mingi ya Kenya inasema mpangaji atarudisha nyumba katika hali aliyoikuta, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Uharibifu ni kitu kingine: kilichotokea kwa uzembe, ajali au kutumia kitu visivyo. Kibao cha kukatia kilichopauka ni uchakavu. Alama ya sufuria ya moto juu ya kabati la jiko ni uharibifu.

Na hata pale uharibifu unapothibitika, bei ya kukata si bei ya kitu kipya. Mwenye nyumba aliyekuwa na rangi ya miaka mitatu hastahili kupewa rangi ya leo kwa pesa za mtu mwingine, kwa sababu rangi ile ilikuwa imebakiza muda mfupi tu kabla ya kupakwa upya kwa gharama yake mwenyewe. Uingereza, ambako sheria iliyoanza kutumika Aprili 2007 inawataka wenye nyumba kuiweka amana ya mpangaji chini ya mpango maalumu wa ulinzi, waamuzi wa migogoro wameizoea hesabu hii. Wanaangalia gharama ya kurekebisha, muda ambao kitu kama hicho hudumu, na muda uliokuwa umebaki. Huko pia ni mwenye nyumba anayetakiwa kuthibitisha dai lake. Bila rekodi ya kuingia, mara nyingi anashindwa. Nchini Kenya amana hubaki mikononi mwa mwenye nyumba au wakala wake, lakini hakuna kinachowazuia watu wawili kuitumia hesabu ileile.

Tuchukue mfano. Nyumba ya chumba kimoja cha kulala, kodi shilingi 18,000, amana shilingi 18,000. Mpangaji amekaa miezi 32. Msimamizi anamletea orodha: kupaka nyumba nzima rangi 14,000, kioo cha dirisha 1,800, mfereji wa sinki 1,500, tangi la choo 3,500, kitasa cha mlango mkuu 1,200, usafi 2,000. Jumla ni 24,000. Kwa orodha hiyo mpangaji si tu kwamba amepoteza amana, bali anadaiwa 6,000 juu yake.

Wakaichukua karatasi ya kuingia na kuanza mlangoni. Funguo zilikuwa tatu, zimerudi mbili. Mtu asiyejulikana anaweza kuwa na ule wa tatu, kwa hiyo kitasa lazima kibadilishwe ili anayekuja alale salama. Kosa ni la mpangaji, na shilingi 1,200 zinakatwa zote. Sikuona haja ya kupunguza hapa, kwa kuwa kitasa chenyewe hakikuchakaa. Kinabadilishwa kwa sababu ya ufunguo uliopotea.

Sebuleni, safu ya kuingia inasema rangi mpya, hakuna matundu. Safu ya kutoka inaonyesha matundu manne makubwa ya kushikilia runinga ukutani, na michoro ya mtoto kwa kalamu ya rangi. Chumba cha kulala hakina kitu isipokuwa kufifia. Basi anayelipa rangi analipia sebule, si nyumba nzima. Fundi anasema kuipaka sebule ni 4,500. Wamekubaliana kwamba rangi ya maji katika nyumba ya kupanga hudumu miaka minne, yaani miezi 48. Miezi 32 imeshatumika, imebaki 16, ambayo ni theluthi moja. Theluthi ya 4,500 ni 1,500. Kuziba matundu kwa puti na kusugua ni 600, na hiyo inalipwa yote kwa kuwa ukuta wenyewe usingepata matundu kwa kuzeeka. Kutoka 14,000, dai la rangi limeshuka hadi 2,100.

Kioo chenye ufa? Ni ule ufa wa sentimita 9, umeandikwa siku ya kwanza, na rula inasoma 9 hadi leo. Sifuri. Mfereji unadondosha kwa sababu mpira wake wa ndani umeisha: uchakavu, sifuri. Tangi la choo liliandikwa halikujaribiwa, na siku tatu baadaye kuna ujumbe wa mpangaji kwamba linavuja. Sifuri tena. Msimamizi hakufurahi, lakini mistari ilikuwa mbele yake.

Jikoni mambo yakageuka. Karatasi ya kuingia ilisema vigae vya sakafu vyote vizima. Mbele ya mahali pa mtungi wa gesi, viwili vimepasuka kwa kishindo cha kitu kizito. Msimamizi hakuwa ameviona kabisa. Karatasi ndiyo iliyowafikisha hapo. Kubadilisha viwili, pamoja na kazi ya fundi, ni 1,500. Vigae hudumu muda mrefu: wamevipa miaka 20, na tangu viwekwe ni miaka minne. Imebaki minne ya tano, kwa hiyo mpangaji analipa 1,200. Angalia jinsi umri wa kitu unavyobadilisha hesabu. Rangi iliyokaribia mwisho wake ilimlinda mpangaji, lakini vigae vya karibuni vilimlinda mwenye nyumba.

Kuhusu usafi, nyumba ilipokelewa ikiwa safi, lakini sasa ukuta nyuma ya jiko umeganda mafuta. Vyumba vingine vimefagiliwa na kudekiwa. Walikubaliana 1,000 kwa jiko pekee. Mwisho wakasoma mita ya maji: yuniti 6 hazijalipwa, kwa 150 kila moja kulingana na mkataba, ni 900. Deni la maji si uharibifu, kwa hiyo liliandikwa sehemu yake. Jumla ya makato ikawa 6,400, na mpangaji akarudishiwa 11,600.

Kila kato lazima liwe na karatasi nyuma yake: risiti, au makadirio ya fundi yanayotenganisha vifaa na kazi. “Ukarabati 8,000” si makadirio. Na pale wasipokubaliana, hakuna sababu ya mmoja kukataa kutia sahihi na kuondoka na hasira. Anatia sahihi kwa yale anayoyakubali, na kwenye mstari wenye ubishi anaandika pingamizi lake kwa maneno yake: “Ufa wa sinki ulikuwepo, tazama picha ya pili.” Karatasi yenye pingamizi ni ushahidi bora kuliko karatasi isiyo na sahihi.

Kuna kifungu kimoja kinachoweza kuivuruga hesabu hii yote, nacho hupatikana kwenye mikataba mingi ya Nairobi: mpangaji atapaka nyumba rangi akihama, au atakatwa gharama yake. Ukishatia sahihi, hoja ya uchakavu wa kawaida inakuwa dhaifu kwa upande wa rangi. Wakati wa kukijadili ni kabla ya kulipa. Omba kiandikwe kwamba gharama itategemea muda uliokaa, au kwamba aliyekaa zaidi ya miaka minne halipi rangi. Wenye nyumba wengine hukubali, hasa nyumba ikiwa imekaa tupu miezi kadhaa.

Na kama hakukuwa na karatasi ya kuingia? Aliye ndani bado anaweza kuitengeneza leo, akaituma kwa mwenye nyumba na kuomba masahihisho. Haitakuwa na nguvu ya ile ya siku ya kwanza, lakini inafunga mlango wa madai ya baadaye. Anayehama kesho atafute ushahidi uliotawanyika: picha za tangazo alilolionea nyumba, picha za sherehe za siku za mwanzo ambamo ukuta unaonekana nyuma ya watu, ujumbe wa kuomba matengenezo. Picha ya keki ya siku ya kuzaliwa imewahi kuonyesha doa la darini lililokuwepo miaka miwili kabla ya ugomvi.

Mazungumzo yakishindikana, Baraza la Kodi linalotokana na Sheria ya Udhibiti wa Kodi haliwafikii wapangaji wengi wa sasa, kwa kuwa nyumba zinazoguswa na sheria hiyo ni zile za kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Njia iliyo wazi zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya pesa za mtu zilizoshikiliwa na mwingine kwa mkataba, na sheria inataka yaamuliwe ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Kwanza aandike barua ya madai akitaja kiasi, tarehe aliyorudisha funguo na siku anazompa mwenye nyumba kulipa. Hakimu atataka kuona mkataba, uthibitisho wa malipo kama ujumbe wa M-Pesa, na ile karatasi yenye safu mbili.

Mwenye nyumba naye, akishalipa, asiharakishe kumpa mpangaji mpya nakala ya safu ya kutoka kana kwamba ndiyo hali ya kuingia. Sebule imepakwa rangi upya, kitasa ni kipya, vigae viwili vimebadilishwa, lakini chumba cha kulala bado kina rangi ya miezi 32. Atembee tena vyumba vyote baada ya mafundi kuondoka, aandike tarehe ya kila kilichobadilishwa kwenye mstari wake, na kile kioo chenye ufa, kama bado hajakibadilisha, akiandike tena: chini kushoto, sentimita 9.